Msafara wa harusi unaocheza kama uko chini ya maji: kutafuta kosa kwenye prompti ya video

Prompti yenyewe ni mistari miwili, na karibu kila anayetengeneza video kwa akili bandia ameshaandika kitu kinachofanana nayo. Nimeiacha kwa Kiingereza kama nilivyoichapa, maana modeli nyingi za video zimefundishwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo:

```
joyful wedding procession, people dancing, flowing fabric,
warm golden light, gentle slow motion, dreamy, cinematic
```

Yaani msafara wa harusi wenye furaha, watu wanacheza, vitambaa vinapepea, mwanga wa dhahabu wa jioni, mwendo wa polepole wa upole, kama ndoto, kama sinema. Ukiisoma unaiona picha kabisa. Iliyonitokea mimi ilikuwa sekunde 5 za watu wanaoyumba. Hakuna aliyeinua mguu. Bibi harusi alikuwa na tabasamu lile lile tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, shela lake likipanda juu kama moshi ilhali majani ya mti ulio nyuma yake yametulia tuli. Mtu wa tatu kutoka kushoto mkono wake uliingia ndani ya gauni la jirani na haukutoka tena. Na kila kitu kilikuwa rangi ya chungwa, meno pia.

Ukikutana na hali hiyo, usianze kuongeza maneno ya sifa. Nilishajaribu: furaha nyingi zaidi, uchangamfu zaidi, uzuri zaidi. Nilichopata ni tabasamu pana zaidi kwa watu wale wale waliosimama. Kufunga mambo mawili kunasaidia zaidi. Kwanza, shikilia nambari ya `seed`, ile inayoamua modeli inaanza na bahati nasibu ipi, isibadilike, ili ukibadilisha neno moja ujue tofauti imetoka kwenye neno hilo. Pili, ukishapata badiliko linaloonekana zuri, lijaribu kwa `seed` nyingine tatu kabla ya kuliamini, kwa sababu bahati nayo hutengeneza video nzuri.

Halafu anza na mwendo. Mwanga mbaya unaweza kuurekebisha baadaye kwenye programu ya kuhariri, lakini mtu ambaye hakucheza huwezi kumchezesha.

Wanaelea, hawachezi

Hii ndiyo dalili kubwa, na chanzo chake kiko kwenye neno ambalo wengi hawalishuku: mwendo wa polepole.

Kamera halisi hupata mwendo wa polepole kwa kupiga fremu nyingi kuliko zitakazoonyeshwa. Ukipiga fremu 60 kwa sekunde kisha ukazionyesha 24 kwa sekunde, tendo linachukua muda mara 2.5 ya ule wa kawaida. Mchezaji alicheza kwa nguvu zake zote. Kilichonyoshwa ni muda tu. Modeli ya video haina kamera. Idadi ya fremu zake imepangwa tangu mwanzo. Wan 2.1, kwa mfano, kwa kawaida hutoa fremu 81 kwa kasi ya 16 kwa sekunde, yaani sekunde 5 na ushei. Ukiiambia `slow motion`, fremu haziongezeki hata moja. Inachofanya ni kuiga sura ya video za polepole ilizozipitia wakati wa kufundishwa, na ndani ya sekunde zile zile 5 inaweka tendo dogo zaidi. Hatua tatu za ngoma zinakuwa nusu hatua. Hapo umeongeza `gentle`, `flowing` na `dreamy`, ambayo yote yanavuta upande huo huo wa utulivu. Neno `joyful` limebaki peke yake likivutana na maneno manne, na hata hilo linakaa usoni zaidi kuliko miguuni.

Kupima ni rahisi, huhitaji jicho la msanii. Toa fremu zote kama picha kwa programu ya `ffmpeg`:

```
ffmpeg -i msafara.mp4 fremu_%03d.png
```

Tafuta mtu anayeruka, hata kidogo. Mtu akiruka juu kiasi cha shibiri moja, sentimita 20 hivi, mvutano wa dunia humrudisha chini baada ya sekunde 0.4. Hilo halitegemei uzito wake wala furaha yake. Kwenye video ya fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni kama fremu 10 tangu miguu iache ardhi hadi iguse tena. Ukihesabu 24, uko kwenye polepole ya mara mbili na nusu, na huo ni ukingo wa kile macho ya mtazamaji yanachokubali. Ukifika 50, umepita mara tano, na kwa msafara wa watu wanaofurahi hiyo ni nyingi mno.

Kwangu, katika jaribio la kwanza hakuna aliyeruka, basi hapakuwa na cha kuhesabu. Nilipoongeza neno la kuruka bila kuondoa yale mengine, mwanamke wa mbele aliacha ardhi kwenye fremu ya 22 na kutua ya 71. Fremu 49, sekunde mbili kamili hewani. Mwanaanga, si mgeni wa harusi.

Dawa: ondoa polepole kwenye prompti kabisa. Ondoa na `gentle` na `dreamy`. Andika kwamba mwendo ni wa kawaida, kisha nyosha muda mwenyewe baada ya kupata ngoma unayoitaka. Nitaonyesha amri yake mwishoni.

Na mahali pa "watu wanacheza" weka miguu na mikono inafanya nini: wanakanyaga kushoto, wanakanyaga kulia, wanaruka mara moja, wanacheka. "Kucheza" ni neno pana, na modeli ikiachiwa upana huo hurudi kwenye jibu rahisi, ambalo ni kuyumba kiuno. Matendo matatu yanatosha kwa sekunde 5. Ukiandika saba, yataanza kuchanganyika na utapata mtu anayeruka huku amechuchumaa.

Ziko modeli ambazo mpangilio wake una kipimo cha nguvu ya mwendo. Kama yako inacho, usikimbilie kukipandisha. Kikipanda sana, kamera nayo huanza kutangatanga na watu kubadilika sura wakigeuka.

Wanatembea lakini hawafiki

Msafara unakuja kuelekea kwako, miguu inapiga hatua, na baada ya sekunde 5 wako umbali ule ule. Mara nyingi sababu ni kamera: hukuisema, nayo modeli ikachagua kurudi nyuma kwa kasi ile ile ya wanaokuja. Wakati mwingine kamera imesimama, ila nyayo zinateleza. Tofauti yake utaiona ardhini. Chagua jiwe au ufa wowote karibu na mguu na ufuatilie kwa fremu 20. Kama jiwe linasogea mbali na kamera na mguu ulio chini umebaki na jiwe lake, ni kamera inayorudi. Kama mguu umegusa ardhi na bado unasogea juu yake, ni kuteleza.

Zote mbili zinapungua ukisema kamera imesimama, iko usawa wa macho, na msafara unaipita kwa upande mmoja. Mwisho huo wa "kuipita" una kazi kubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa unailazimisha modeli kuwaleta watu karibu na kisha kuwatoa kwenye fremu, na haiwezi kufanya hivyo huku wakipiga hatua papo hapo.

Kitambaa kina maisha yake

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu kitambaa ndicho kinachompa mtazamaji habari kwamba kuna upepo, kuna uzito, kuna mwili ndani yake.

Ukiandika `flowing fabric` umetaja matokeo bila kutaja chanzo. Kitambaa kinapepea kwa nini? Modeli haikuulizi. Inatafuta sababu iliyo ya kawaida zaidi, ambayo ni upepo, na inaupuliza kwenye nguo peke yake. Ndiyo maana shela langu lilipanda kama moshi na mti ukabaki kimya. Mtazamaji huenda asitambue kasoro iko wapi, ila atahisi kwamba kitu hakiko sawa.

Kitambaa cha mtu anayecheza kinasukumwa na mwili. Kiuno kinageuka, sketi inabaki nyuma kidogo, kisha inafuata, inapita pale kiuno kiliposimama, na inarudi kutulia. Huko kuchelewa ndiko kunakoifanya nguo ionekane nzito na halisi. Kwenye fremu zako angalia hivi: tafuta fremu ambayo kiuno kimemaliza kugeuka, kisha angalia pindo la sketi. Kama pindo na kiuno vimesimama kwa pamoja, nguo ni ngumu kama bati. Kama pindo linaendelea kupanda na halishuki kabla video haijaisha, ule ni upepo uliobuniwa. Unachotaka ni pindo linaloendelea kwa fremu chache na kisha kuanguka.

Kwa hiyo andika chanzo, kuchelewa na kutulia: sketi ndefu inayumba baada ya kila hatua kisha inatulia. Kama upepo unautaka kweli, sema unatoka upande gani na uupe kitu kingine cha kusukuma, majani au vumbi, ili usiishie kwenye nguo moja.

Kosa la pili la kitambaa ni lile la mkono kumezwa. Linatokea pale mikono na nguo vina rangi zinazokaribiana, au pale vitambaa ni vingi mno: shela, mtandio, mkanda, sketi ya tabaka tatu, wote wamevaa hivyo. Modeli inapoteza mpaka kati ya mtu na mtu. Nilipunguza vitambaa virefu vikabaki viwili, sketi ya bibi harusi na mtandio mmoja ulioshikwa na mchezaji wa mbele, na mikono ikarudi kwa wenyewe karibu yote.

La tatu ni nakshi zinazotambaa. Maua madogo kwenye gauni yanachemka kama mchwa, yanabadilika kila fremu. Hilo halitibiki kwa maneno. Modeli hizi hazichori pikseli moja moja. Kwanza hubana video, kisha hufanya kazi kwenye ile iliyobanwa. Wan 2.1 hubana mara 8 kwa upana, mara 8 kwa kimo, na fremu 4 za muda huwa moja. Ua la pikseli 6 liko chini ya kiwango ambacho modeli inaweza kukikumbuka, kwa hiyo inalibuni upya kila wakati. Chagua kitambaa cha rangi moja, au nakshi kubwa kama kiganja, au sogeza kamera karibu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza nyuso zilizoyeyuka nyuma ya msafara, kwa hiyo niimalizie hapa. Kwenye video ya 1280 kwa 720, mtu wa safu ya nyuma mwenye kimo cha pikseli 150 ana kichwa cha pikseli 20 hivi. Gawa kwa 8: uso mzima, macho na tabasamu, umepewa vipande viwili na nusu kwa kimo. Hakuna prompti itakayoutengeneza. Wape nyuso watu wanne wa mbele na useme waliobaki wako nje ya fokasi. Mtazamaji anaona umati, na modeli haitakiwi kuchora sura ambazo haina nafasi nazo.

Na ule mtindo wa kuandika `no extra arms` ndani ya prompti, acha. Modeli nyingi hushika "mikono" kuliko kushika "hakuna". Mambo usiyoyataka yana sanduku lake la `negative prompt`, lakini nalo lina sharti: hufanya kazi kupitia `CFG`, kipimo cha modeli kuifuata prompti kwa nguvu kiasi gani, na kwenye zile modeli zilizofupishwa ziende kwa hatua chache, ambako `CFG` huwekwa 1, sanduku hilo ni pambo tu. Watu wanaandika aya nzima humo bila kujua.

Jioni iliyopakwa rangi

Rangi ya chungwa kila mahali, pamoja na vivuli, ni ishara kwamba umepata chujio na hukupata jua. Maneno `warm`, `golden` na `glowing` yanaeleza rangi. Hakuna hata moja linalosema jua liko wapi.

Angalia ardhini. Jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, kivuli cha mtu kinakaribia mara 6 ya urefu wake. Mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha mita 9 na zaidi. Kama watu wako wana vivuli vifupi vilivyojikunja miguuni, lile ni jua la mchana lililopakwa rangi ya jioni. Kisha linganisha vivuli vya watu wawili: vinapaswa kuelekea upande mmoja. Na kama jua linaonekana nyuma yao huku nyuso zinang'aa kama ziko mbele ya taa, kuna chanzo cha pili cha mwanga ambacho hukukiomba.

Dawa ni kuweka jua mahali pake na kusema matokeo yake: jua liko chini, nyuma yao, upande wa kulia, vivuli virefu vinaanguka kuelekea kamera, kingo za nywele na kitambaa zinawaka, nyuso ziko kwenye kivuli laini. Sentensi ya kingo ina faida mbili kwa mkupuo, kwa sababu ile mistari ya mwanga huwatenganisha watu, na watu waliotenganishwa hawamezani mikono. Kitambaa chepesi kikipitiwa na jua kutoka nyuma kinaonyesha mikunjo yake yote. Kikipigwa na jua kutoka mbele kinakuwa bapa.

Weupe wa gauni usiupiganie kwenye prompti. Chini ya jua hilo gauni jeupe ni rangi ya maziwa yaliyoiva, na ndivyo linavyopaswa kuwa. Andika `cream` na uendelee.

Prompti baada ya matengenezo

```
Static eye-level shot, late afternoon. A wedding procession comes
down a wide lane and passes the camera on the left. In front, four
people dance: they stamp left, stamp right, hop once and laugh.
One of them holds a scarf.
The bride's long plain cream skirt swings after each step, then
settles. Low sun behind them on the right, long shadows falling
toward the camera, bright edges on hair and cloth, faces in soft
shade. The crowd behind is out of focus. Real-time speed.
```

`seed` ni ile ile ya mwanzo. Mruko wa mwanamke wa mbele ulichukua fremu 11. Vivuli vilikuja upande wa kamera, vikiinama kushoto kama inavyopasa jua likiwa kulia. Sketi ilichelewa fremu nne au tano nyuma ya kiuno na ikaanguka. Kwenye `seed` nyingine tatu, mbili zilikuwa nzuri. Ya tatu ilinipa mtu anayekanyaga kushoto mara nne mfululizo.

Ndipo nikauleta ule upole niliouondoa. Mara 1.5 ilitosha:

```
ffmpeg -i msafara.mp4 -vf "minterpolate=fps=36:mi_mode=mci,setpts=1.5*PTS" -r 24 -an polepole.mp4
```

Amri hii inaanza na video ya fremu 24, inabuni fremu za katikati hadi zifike 36 kwa sekunde, kisha inazinyosha zirudi kuonyeshwa 24. Sekunde 5 zinakuwa 7.5, na mruko wa fremu 11 unakuwa wa 16 au 17. Nilijaribu pia mara 2.5, na miguu ikaanza tena kuelea.

Fremu za kubuni zina udhaifu wao: kitu kinapopita haraka mbele ya kingine, programu haijui kilichofichwa kilikuwa na sura gani, na inapaka. Kwangu ilikuwa pale mchezaji wa mbele alipozungusha mtandio mbele ya sketi ya bibi harusi. Kwa fremu sita hivi vitambaa viwili vilikuwa kama rangi iliyofutwa na kidole. RIFE, ambayo hubuni fremu kwa mtandao wa nyuroni, ilipunguza doa hilo hadi fremu mbili. Nilikata video kabla hazijafika, mtandio ukiwa bado uko juu.